Mchele Usiochaguliwa

"Sema tena! Sema kwa sauti, watu wasikie! Mikono yangu imefanya nini?"

"Mimi sikutaja mikono ya mtu. Nimesema kesho nampeleka mkamwana wangu zahanati ya Mangarivotra akachomwe sindano. Anayejikuna ndiye anayewashwa."

"Sindano ya nini, kama si kunitukana mimi? Watoto wote unaowaona wakikimbia kichochoroni humu nimewatoa mimi, kwa mikono hii!"

"Na wale wasioonekana wakikimbia, Bi Halimati? Hao aliwatoa nani?"

Mtaa mzima ukavuta pumzi. Ugomvi wa Mahabibo, mtaa wa Wangazija wa Mahajanga, una ngazi zake: huanza kwa Kingazija, ukipanda huingia Kimalagasi, na neno la kumalizia hutafutwa popote, hata kwa Wafaransa, ingawa wameshaondoka. Siku hiyo hapakuhitajika kutafuta. Neno la Bi Koulsoum, jirani yake, lilitoka kwa Kingazija safi, la upole, kama mtu aombaye chumvi, na likamkuta Bi Halimati katikati ya kifua.

Bi Halimati alikuwa mkunga. Mama yake alikuwa mkunga, na bibi yake vilevile, tangu walipovuka kutoka Ngazija. Kitovu alikikata kwa kisu kidogo alichokirithi, akakifuta kwa kanga, kisha akapaka jivu la jikoni, lile laini la chini ya mafiga. Wengi walikua. Wasiokua waliambiwa wamepitiwa na dege.

Roukia, mkamwana mwenyewe aliyekuwa akigombaniwa, alikaa mlangoni juu ya kigoda, tumbo la miezi mitano mapajani, akichambua mchicha kama vile habari hazimhusu. Huyo alikwisha kuzika wawili. Wote wawili walizaliwa wazima, wakalia vizuri, wakanyonya vizuri, na kabla wiki ya pili haijaisha midomo ikakaza. Mtoto anataka ziwa na hawezi kulishika. Wa pili hakuwa amepewa jina. Mumewe, Elarif, kuli wa bandarini, alimbeba hadi makaburini ndani ya kikapu cha sokoni, kwa sababu jeneza la ukubwa ule hakuna mtu aliyekuwa nalo.

Sasa zahanati ilikuwa imepata sindano mpya. Walisema dege ni jina tu; ugonjwa wenyewe ni pepopunda, na huingia kwa kidonda cha kitovu. Mama akichomwa mara mbili akiwa mjamzito, kinga humfikia mtoto tumboni. Bi Koulsoum alisikia hayo sokoni, akayabeba hadi nyumbani kama kuku aliyemnunua kwa bei nafuu.

"Muiteni mwanangu!" Bi Halimati akapiga kelele. "Muiteni Dokotera! Sindano hizo amezijaribu yeye! Atawaambia!"

Na Zoubeir alikuwepo. Ndiyo balaa lenyewe. Alikuwa ndani, amerudi juzi kutoka kisiwa cha Nosy Be, amekaa na kikombe cha kahawa, shati jeupe limenyooka, akiusikiliza ugomvi wote kupitia ukuta wa bati na kuomba Mungu ajaalie mvua. Mvua haikuja. Likaja jina lake, likirushwa kutoka mdomo hadi mdomo: Dokotera, Dokotera, toka nje, mama yako anauawa.

Akatoka. Wanawake wakampisha. Zoubeir alikuwa mtoto wa kwanza wa kichochoro kile kuwa daktari, akasoma Ufaransa, akarudi mwaka wa pili wa uhuru, akapewa kazi ya kupima magonjwa kwa hesabu. Alipopita, wazee walinyanyuka. Alipenda wanyanyuke, nani asingependa?

"Mwanangu," Bi Halimati akasema. "Waambie. Mimi ninaua watoto?"

Zoubeir akamtazama mama yake. Kisha akayatazama macho ishirini, thelathini, yaliyong'ang'ania mdomo wake.

"Hakuna anayeua mtoto, mama," akasema. "Bi Koulsoum, nisikilize, mama yangu. Sindano hizo tumezijaribu Nosy Be kwa mwaka mzima. Nusu ya akina mama walichomwa sindano ya pepopunda. Nusu walichomwa nyingine isiyohusika, wala hawakujua nani kachomwa ipi. Mwisho tukahesabu." Akafungua viganja. "Hapana tofauti."

"Hapana kabisa?"

"Hapana."

Bi Koulsoum hakuwa mwanamke wa kunyamazishwa na shati jeupe. "Hao akina mama walikuwa wangapi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Zoubeir angeweza kusema idadi. Lakini umati unapenda mtu anayejibu haraka, na yeye alikuwa mtoto wa kichochoro kabla hajawa daktari. Alijua namna ya kuuchukua umati.

"Bi Koulsoum," akasema huku akitabasamu, "wewe fundi wa pilau. Ukitaka kujua wali umeiva, unakula sufuria zima? Si unaonja punje moja?"

Loo! Kicheko kilianza kwa wasichana wa bombani kikaishia kwa wazee waliokaa barazani. Punje moja! Huyo ndiye msomi, anasema na watu kwa maneno ya jikoni! Hata Roukia alitabasamu juu ya mchicha wake. Bi Halimati akakaza kanga kiunoni, akamgeukia jirani yake.

"Umesikia? Punje moja. Sasa nenda ukamchome mkamwana wako maji ya Wafaransa."

Bi Koulsoum alisimama kidogo akimtazama Zoubeir usoni, si kwa hasira, kwa namna mtu anavyokagua samaki shavuni. Kisha akaingia ndani. Kesho yake hakwenda Mangarivotra.

Wala hawakwenda wengine. Neno likatembea. Ilipofika Ijumaa, "hapana tofauti" ilikuwa imefika Amborovy, nje ya mji, ikarudi na mkia: kwamba sindano inakausha maziwa, kwamba Dokotera mwenyewe kamkataza dada yake. Zoubeir hakuwa na dada. Zahanati ikakaa na chupa zake barafuni bila mtu wa kuchomwa, na mwezi uliofuata zikapelekwa kwingine.

*

Sasa tuseme kilichotokea Nosy Be.

Kile kisiwa ni kizuri, kinanukia mlangilangi hata kwenye choo, lakini ni kidogo, na wodi yake ya uzazi ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Zoubeir alipopewa kazi ile alikaa chini, akapiga hesabu kama alivyofundishwa. Kisiwani, kwa walivyokisia, katika kila watoto mia waliozaliwa majumbani, kumi walikufa kwa pepopunda. Akajiuliza: tuseme sindano inafanya kazi vizuri sana, inawashusha hao kumi hadi wawili. Nitahitaji akina mama wangapi ili nikitafuta tofauti hiyo, nisiikose? Jibu likaja: kama mia na sitini kila upande. Hapo, kama tofauti ipo kweli, angeliiona mara nne kati ya tano. Hiyo ndiyo waliyoiita darasani nguvu ya jaribio: si nguvu ya dawa, ni nguvu ya macho ya anayetazama.

Mkubwa wake wa Antananarivo alicheka kwenye simu. "Mia tatu na ishirini? Huko? Utamaliza ukiwa na mvi. Chukua utakaowapata hadi Desemba, uniletee ripoti. Kuna mkutano, na kuna cheo."

Hadi Desemba aliwapata arobaini. Ishirini huku, ishirini kule.

Kwa waliochomwa sindano ya pepopunda, hakufa mtoto. Kwa wengine, walikufa wawili.

Msaidié, muuguzi wa pale, mtu mnene wa maneno mengi na moyo mwepesi, alikuja mbio na habari hizo kama aliyeshinda bahati nasibu. "Dokotera! Sifuri kwa mbili! Inafanya kazi!"

"Kaa chini, Msaidié," Zoubeir akasema. "Una sarafu?"

Msaidié akatoa sarafu.

"Tuseme sindano ni maji matupu. Watoto wawili wamekufa, lazima wawe upande fulani. Wa kwanza yuko upande wowote. Wa pili kuangukia upande uleule wa mwenzake ni kama kurusha hiyo sarafu mara moja. Karibu nusu ya mara, maji matupu yangekupa kitu kama hiki. Utaiambia serikali inunue sindano kwa mrusho mmoja wa sarafu?"

Na hapo Zoubeir alikuwa sahihi. Hakukosea hata nukta. Msaidié akainama, sarafu mkononi, aibu usoni. Maana Zoubeir alisema hayo mbele ya wauguzi wengine wawili, na akamaliza kwa kusema ndiyo maana wengine huchoma sindano na wengine huhesabu.

Ila hesabu ina upande wa pili, na upande huo Zoubeir aliujua, akaufunga kama mtu anavyofunga chumba chenye mgonjwa. Kwa watu ishirini na ishirini, ili sheria ya vitabu ikubali kwamba tofauti ipo, palitakiwa wafe watoto watano upande mmoja na asife hata mmoja upande wa pili. Watano katika ishirini! Robo nzima! Pepopunda yenyewe, mbaya kama ilivyo, huchukua wawili katika ishirini. Jaribio lile lilikuwa likingoja ugonjwa uwe katili kuliko ulivyo ndipo likubali kuuona. Sindano ingeweza kuwa inaokoa watoto wanane katika kila mia, na bado majaribio tisini na saba kati ya mia, ya ukubwa ule, yangerudi na jibu lilelile: hatukuona kitu.

Kama ugonjwa ungekuwa unaua nusu ya watoto na sindano inawaponya wote, ishirini wangetosha. Jambo kubwa namna hiyo halijifichi. Lakini wanane katika mia si jambo la kujitangaza. Ni misiba minane ambayo mtaa wa watu mia hauwezi kuitofautisha na bahati mbaya.

Katika ripoti aliandika Kifaransa kisicho na kosa: tofauti haikuthibitika. Kila neno kweli. Mkubwa akafurahi. Lakini lile neno lilipovuka bahari kutoka Nosy Be hadi Mahajanga, na kutoka karatasini hadi mdomoni, na kutoka mdomoni hadi kwa mama yake aliyesimama kichochoroni, lilibadilika njiani. *Haikuthibitika* ikawa *hapana*. Hakuna aliyembadilishia. Alibadilisha mwenyewe, kwa sababu *haikuthibitika* isingemwokoa Bi Halimati, na *hapana* ilimwokoa palepale, mbele ya watu.

*

Roukia akiwa na miezi saba, Msaidié alishuka Mahajanga na meli ya mizigo, kaleta kikapu cha vanila kwa Bi Halimati na ombi kwa mwanawe. Walikaa uani. Ng'ambo ya ua wa makuti, Roukia alikuwa akifua, na walimsikia akiimba chinichini, wimbo usio na maneno.

"Dokotera, nimefikiri," Msaidié akasema. "Sarafu yako ilikuwa kweli. Lakini sarafu haikusema sindano ni maji. Ilisema hatujui. Si ndivyo?"

Zoubeir akaokota kipande cha kuti, akaanza kukipasua.

"Basi tuendelee. Nosy Be ni padogo, lakini hapa Mahabibo peke yake wanazaliwa wangapi? Omba sindano zirudi. Tuunganishe hapa na kule, tuanze upya, tuhesabu wengi. Mimi nitachoma, wewe utahesabu, kama ulivyosema." Alicheka peke yake, kuonyesha kwamba hakuweka kinyongo.

"Ripoti imekwenda, Msaidié."

"Ripoti si msahafu."

"Nikiomba kuanza upya, mkubwa ataniuliza: ya kwanza ilikuwa ya nini? Nimjibu nini? Kwamba tangu siku ya kwanza nilijua haioni?"

"Ulijua?"

Bi Halimati alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasimama juu ya kikombe. Si kwamba alielewa hesabu. Alielewa sauti ya mwanawe, aliyoijua tangu alipokuwa akiiba sukari.

"Nitapelekwa Antananarivo baada ya miezi miwili mitatu," Zoubeir akasema. "Nikishakaa huko, nitakuwa na uwezo. Nitaliamsha jambo hili mwenyewe, kwa njia nzuri. Subiri kidogo."

"Na huyo?" Msaidié akaashiria kwa kidevu upande wa ua, wimbo unakotoka. "Ana muda wa kusubiri? Akichomwa wiki hii, na mwezi ujao tena, anawahi. Zimebaki chupa Nosy Be. Nakutumia kwa ndege."

Hapo ndipo Zoubeir angeweza kuvuka ua. Ilikuwa hatua chache. Angesema: Bi Koulsoum, niliongea vibaya. Lakini kusema hivyo ilikuwa kusema mbele ya mtaa kwamba mikono ya mama yake bado iko shaurini, kwamba Dokotera aliyewachekesha watu kwa punje moja alikuwa anajikosha. Alimtazama mama yake. Bi Halimati alimimina chai hadi ikafurika kwenye sahani.

"Mtoto wa tatu hupona," Bi Halimati akasema haraka. "Siku zote. Dege halirudi mara tatu nyumba moja."

Hiyo haikuwa takwimu wala dini. Zoubeir akainywa kama dawa.

*

Mtoto akazaliwa alfajiri, wa kiume, mnene, mwenye mapaja ya mikunjo. Bi Koulsoum hakutaka mkunga mwingine. Baada ya ugomvi ule, angemwita nani bila mtaa kusema ameshindwa? Akamwita jirani yake, na jirani yake akaja na kisu chake, akakifuta vizuri mara mbili, na jivu likapakwa. Vigelegele vikapigwa. Wanawake wawili waliokuwa hawasemezani miezi minne walikumbatiana juu ya kitanda, wakalia, wakaanza kusengenya watu wengine. Nyumba ilijaa hadi watoto wakakaa madirishani.

Siku ya saba walimnyoa nywele, wakamwita Youssoufa. Siku hiyohiyo jioni aliacha kunyonya.

Roukia ndiye aliyejua kwanza. Alimtia ziwa mdomoni, akahisi fizi zimebana, akalitoa, akautazama ukuta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dege limekuja tena."

Zoubeir alileta serum ya kuzima sumu kutoka hospitali, akaleta dawa ya kutuliza, akamchoma. Alijua imechelewa, sumu ikishashika mishipa haiachii kwa kuombwa. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, uso umevutwa kama anayecheka, mgongo ukijipinda kila aliposhtuka. Na alishtushwa na kila kitu. Mlango. Kikohozi. Kuku.

"Anataka kimya," Zoubeir akasema. "Kimya na giza."

Basi Mahabibo ikanyamaza. Hilo halijawahi kuonekana kabla wala baada. Wanaume walizima redio zao. Wasichana wa bombani waliweka nguo ndani ya ndoo ili maji yasilie yakimwagika. Kuku wote wa kichochoro walikamatwa wakapelekwa mtaa wa pili. Wasemaji wakubwa kabisa, wale wasioweza kuona nzi akipita bila kutaja ukoo wake, walikaa barazani wakizungumza kwa mikono. Siku ya pili mtu mmoja aliangusha kifuniko cha sufuria, nyumba ya nne kutoka pale, na kila mtu akasikia kimya kilichofuata, kisha sauti ndogo kutoka chumbani kwa Roukia, kama kitambaa kinachochanika.

Bi Koulsoum alikaa nje ya mlango wa chumba, ungo mapajani, akichagua mchele. Hakukuwa na mgeni wa kupikiwa. Alichagua tu, kwa sababu vidole havikubali kukaa. Zoubeir alipotoka chumbani, akamwashiria akae. Alinong'ona.

"Niambie kweli, mwanangu. Angechomwa ile sindano, mtoto huyu angekuwa mzima?"

"Siwezi kujua, mama. Kwa mtoto mmoja, hakuna anayejua."

"Usinipe jibu la ofisini."

Zoubeir akautazama ungo. Mchele mweupe, na pembeni, juu ya sakafu, vijiwe vichache vilivyokwisha kutolewa.

"Nilikudanganya," akanong'ona. "Siyo kwa idadi. Kwa mfano. Punje moja inakuambia wali umeiva, kwa sababu sufuria zima liko juu ya moto mmoja. Lakini haikuambii kama mchele una mawe. Mawe ni machache. Ukichota konzi moja usione jiwe, hujajua kitu. Gunia lenye mawe mengi na gunia lenye mawe machache, kwa konzi moja yanafanana. Lazima uchague ungo baada ya ungo."

"Na Nosy Be ulichota nini?"

"Konzi."

"Ukaja hapa ukasema gunia halina mawe."

Akatikisa kichwa kukubali.

Bi Koulsoum akaendelea kuchagua. Vidole vilikwenda, vikarudi. "Na ukichagua gunia lote? Unadhani ungekuta nini?"

"Nadhani inaokoa. Katika watoto mia, labda wanane."

"Wanane." Akatoa jiwe, akaliweka sakafuni taratibu sana, lisilie. "Katika hao wanane, Dokotera, wangu ni wa ngapi?"

Hesabu haina jibu la swali hilo. Chumbani ile sauti ndogo ilianza tena, na Zoubeir akainuka.

*

Walimzika mchana, jua kali. Safari hii Elarif hakutumia kikapu. Alimchukua kifuani, ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Waliporudi kutoka makaburini, kimya kilikuwa kimekatika. Hakukuwa tena na sababu ya kunyamaza. Redio zikawashwa, kuku wakarudishwa, na watu wakaanza kusema, kwanza kwa aibu, kisha kwa wingi wa siku zote, na walichosema kilikuwa ni kimoja. Kwamba ni mikono. Watatu kwa watatu, nyumba moja, mkunga mmoja. Mtu akatupa ganda la muhogo juu ya bati la Bi Halimati. Mwingine akatupa jiwe.

Bi Halimati alijifungia ndani na kisu chake. "Waambie, mwanangu," alisema gizani. "Waambie tena. Hapana tofauti. Si ulisema? Toka uwaambie."

Zoubeir alitoka, akasimama mlangoni. Angesema watoto watatu ni wachache mno kumhukumu mtu? Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli ileile. Aliihisi ulimini, laini, iliyonyooka kama shati lake, na akaona kwamba hakuna mtu tena katika kichochoro kile ambaye angeipokea kutoka kwake, hata ingekuwa ya kumwokoa mama yake. Alikuwa ameshaitumia.

Mfukoni alikuwa na tikiti ya Antananarivo. Njia ya kwenda barabarani ilipita mbele ya nyumba ya msiba.

Hitima ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya mikeka, mikono imeoshwa, wakingoja. Masinia yalikuwa yanatolewa. Zoubeir alisimama nje, karibu na ua wa makuti, akifikiri angepita haraka watu wakiwa wameinamia chakula. Roukia alimwona kutoka dirishani. Aliugeuza uso ukutani.

Bi Koulsoum naye alimwona. Alikuwa amebeba sinia kwa mikono miwili, mvuke ukimfunika kidevu. Akaja nalo hadi langoni. Mazungumzo kwenye mikeka yakafifia moja baada ya jingine, na mara kichochoro kizima kikawa kimya, kimya kilekile cha siku zile, kila mtu akisikiliza.

"Unapita wapi, mwanangu?" akasema, kwa ile sauti yake ya upole ya mtu aombaye chumvi. "Mgeni hapiti nyumba ya msiba akiwa na njaa. Ingia, Dokotera, kaa hapa katikati, watu wakuone. Mchele leo hatukuuchagua. Tulionja punje moja, tukaona hauna mawe. Karibu ule."